Ewe Dereva Mwema, Salaam

Nachukia maneno mengi. Wanangu wanalijua hilo: anayetaka kitu kwangu aseme kwanza anachokitaka, habari za kulala nitamwuliza baadaye. Majirani wananiona sina adabu, na hawakukosea, maana mimi ni mzawa wa papa hapa pwani na adabu nilifundishwa vizuri. Adabu hiyo niliiacha huko Changamwe, kando ya barabara iendayo bara, mwaka wa kwanza baada ya kurudi kutoka vitani. Hasara yake hakuipata mwingine ila mzee aliyenifundisha kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika mabango. Karakana yetu ilikuwa Magongo, banda refu la mabati lililonuka rangi na mafuta ya taa tangu asubuhi hadi jioni. Palikuwa na maseremala wa kutengeneza fremu na watu wa kuchanganya rangi, lakini maneno yalikuwa mikononi mwa watu wawili tu, mimi na mzee tuliyemwita Mwalimu. Mwenye karakana tulimwita tajiri. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti nyembamba, apendaye kuchekesha watu. Kila alipochekesha palikuwa na mtu mmoja wa kuchekwa, na sote tulicheka haraka ili mtu huyo asiwe sisi.

Mwalimu alikuwa mtu wa Kisauni, wa nyumba ya zamani. Alisomesha Kurani mpaka macho yakakataa herufi ndogo, ndipo akavuka na mkewe kuja Changamwe kutafuta kazi ya herufi kubwa. Maneno ya bango aliyatunga kichwani akitembea, akayaandika kwenye karatasi kwa herufi za Kiarabu, kisha akatusomea, ndipo mimi na yeye tukayatia katika herufi za Kizungu. Muuza chai, mshona viatu, mwenye mashine ya kusaga, wote walipitia kwake. Kutoka Likoni mpaka Kisauni, bango likiwa na Kiswahili cha kupendeza, ulijua limetoka kinywani mwa nani. Nimemwona kwa macho yangu mchukuzi akitua gunia chini ili asomewe bango mpaka mwisho, kisha akalibeba gunia lake na kwenda zake akiyarudia maneno.

Mchukuzi huyo angeweza kuwa mimi. Kabla ya vita nilikuwa nikibeba magunia, na siku za kukosa kazi nilichukua mkaa nikaiga ukutani herufi zilizopigwa kwenye magunia, bila kujua zinasema nini. Mwalimu alipita, akasimama, akatazama mkono wangu na si herufi. "Mkono wako umetulia," aliniambia. Siku hiyo hiyo alinipeleka kwa tajiri na kunidhamini kwa neno lake. Alinifundisha kusoma. Alinifundisha kupiga mistari kwa uzi na chaki, kuacha nafasi kati ya herufi na herufi, na kuikamua brashi isidondoke. Nilikula kwake mara nyingi kuliko nilivyokula kwa mama yangu. Mkewe alikuwa na miguu iliyovimba, hakuweza kwenda mbali, akipika ameketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi huku akiniuliza leo nimejifunza herufi gani.

Kisha nikaenda jeshini. Waliona mwandiko wangu wakanipa rangi badala ya bunduki, niandike vibao vya kuongoza misafara ya malori. Huko ndiko nilikojifunza kazi mara ya pili, na aliyenifundisha ni sajini mmoja asiyejua kucheka. Alikuwa akisimamisha kibao kimefunikwa blanketi, anamwita askari ambaye hajakiona, analifunua blanketi, anahesabu moja mpaka tano taratibu, kisha analifunika. Alichosoma yule askari ndicho kilichoandikwa. Yaliyobaki yote ni rangi iliyopotea. Aliyeandika hakuruhusiwa kamwe kujipima mwenyewe. "Aliyeandika hasomi," sajini alisema, "anakumbuka."

Alitueleza pia jicho la dereva lina kazi ngapi. Mtu anayekwenda maili thelathini kwa saa anatazama shimo, anatazama mbuzi, anatazama lori linalomjia, na wewe mwenye bango anakukopesha jicho mara moja tu. Katika jicho hilo neno la kwanza ndilo hula fungu kubwa. Neno la tano likipata kitu lishukuru. Kwa hiyo herufi ziwe nene na zisibanane, maneno yawe manne au matano, na lile la maana litangulie.

Nilirudi nikiwa na elimu hiyo na kichwa kikubwa. Barabara ya bara ilikuwa imejaa malori. Nilipanda moja nikipeleka mzigo wa mabati, na njiani nikapita mabango matatu ya Mwalimu. Hakuna hata moja nililolimaliza. Herufi zilikuwa nzuri, nyembamba, zimelaliana, na maneno yalianza kwa kumwamkia msomaji na kumwuliza hali. Ningeweza kumwendea mzee faraghani nikamwambia. Niliyasema karakanani, mbele ya maseremala, mbele ya tajiri, na mbele yake mwenyewe.

"Mwalimu anawaandikia watembea kwa miguu," nilisema. "Siku hizi watu wana magurudumu."

Tajiri alicheka. Mwalimu naye alitabasamu, kwa kuwa alidhani ni utani wa mwana kwa baba.

Haukupita muda akaja mfanyabiashara wa tairi. Wakati wa vita tairi zilikuwa adimu, watu walizishona zilizokufa na kuzijaza matambara, na sasa mzigo mpya ulikuwa umefika bandarini. Mtu huyu alikuwa amefungua duka Magongo, upande wa kushoto ukienda bara, akataka bango kubwa kuliko yote tuliyowahi kutengeneza. Lingesimama kwenye kipande cha barabara kilichonyooka, robo maili kabla ya duka, lielekee wanaokuja kutoka mjini ili wapate muda wa kupunguza mwendo. Tajiri alimpa Mwalimu kazi ya maneno kama ilivyokuwa desturi. Kesho yake mzee akatusomea:

"Ewe dereva mwema, salaam. Kabla hujaishika safari ya bara, yatazame magurudumu yako yasije yakakuaibisha porini. Na ukiyaona yamechoka, karibu kwetu, tunazo tairi mpya na maneno ya upole."

Maseremala walisema maashallah. Tajiri akanigeukia. "Na wewe mwanajeshi, wasemaje?"

"Nasema akimaliza kulisoma atakuwa Mariakani, na duka liko Magongo," nikasema.

Banda zima lilicheka. Hata mchanganya rangi aliyekuwa amesema maashallah alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Tajiri aliona mchezo umemjia mlangoni wala hakuuacha upite.

"Nalisha vinywa viwili kwa ulimi mmoja," alisema. "Sasa basi. Kila mtu alete maneno yake. Jumamosi tutayaandika kwa chokaa juu ya maturubai mawili yaliyo sawa, tuyasimamishe barabarani, tumpitishe dereva ambaye hajayaona. Atakayesomeka atabaki na kazi ya maneno. Asiyesomeka ajitafutie riziki kwingine."

Mimi nilikuwa kijana mwenye mgongo mzuri, ningeweza kurudi bandarini asubuhi ya Jumatatu. Mwalimu hakuwa na kazi nyingine duniani. Macho yake hayakuweza tena kusomesha, mkewe hakuweza kutoka nje kuuza hata maandazi, na kilichowalisha wote wawili ni kazi hiyo. Kila mtu karakanani alilijua hilo, na mimi nililijua zaidi yao kwa sababu nilikula sahani moja nao.

Maneno yangu niliyaanza marefu, kisha nikayakata. Kwanza niliandika: "Badili tairi zako kuukuu kabla ya safari. Duka la tairi mpya liko mbele, upande wa kushoto." Nikafuta "kabla ya safari," maana anayesoma yuko safarini tayari. Nikafuta "badili," maana hakuna dereva asiyejua tairi mpya ni za kufanyia nini, hasa baada ya miaka ya kuzitamani. Nikafuta "kuukuu" na "zako". Zake anazijua, anazisikia zikipiga kelele chini yake. Nikafuta "duka," kwani tairi haziuzwi msikitini. Nikafuta "upande wa," kwa sababu kushoto ni kushoto. Yakabaki manne:

TAIRI MPYA. MBELE KUSHOTO.

Nilimwonyesha mpishi wa chai aliyekuwa hajui habari, nikahesabu. Alimaliza kabla ya tatu.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri Mwalimu alinifuata nyuma ya banda, nilipokuwa naosha brashi. Alikuwa ameshika karatasi ya mfuko wa saruji aliyoiandika mwenyewe kwa mkaa, kwa herufi za Kizungu, kubwa kubwa.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimeyapunguza. Wallahi nimeyapunguza mpaka yaniuma, lakini mie sikupata kupanda mbele ya lori, sijui mbio zake. Wewe wajua. Nitazamie."

Alinyoosha karatasi. Ilisema: "Ewe dereva mwema, salaam. Kabla ya safari ya bara, tazama tairi zako. Mpya zipo mbele kushoto."

Nilisoma kama nilivyofundishwa, nikihesabu kimoyomoyo. Nilipofika tano nilikuwa kwenye "safari." Nilipomaliza nilikuwa nimefika tisa. Mimi niliyesimama, nisiye na usukani, nisiye na mbuzi mbele yangu.

Kosa lake nililiona papo hapo, kama jiwe katika mchele. Lilikuwa ile salamu. Maneno manne ya mbele yote yalikuwa ya kumwamkia mtu, na dereva angeyatumia macho yake yote hapo. Lakini nyuma ya salamu mlikuwa na kila kitu. Tairi zilikuwemo, mpya zilikuwemo, mbele kushoto ilikuwemo. Mzee alikuwa ameyafikia maneno yale yale niliyoyafikia mimi, na alichohitaji ni mtu wa kuweka kidole kwenye karatasi na kumwambia anzia hapa. Maturubai yetu yangelingana na tajiri angekosa mtu wa kumfukuza.

"Yatosha, Mwalimu," nikasema.

Alinitazama. "Na salamu niitoe? Nina wasiwasi nayo."

Hapo alikuwa amelishika kosa mwenyewe kwa mkono wake, nami nikamfungua vidole.

"Usiitoe," nikamwambia. "Mtu humwambii neno njiani kabla hujamsalimu. Si wewe uliyenifundisha?"

Ni kweli alinifundisha hivyo. Zamani, nilipokuwa na haraka ya kumwuliza jambo mtu aliyekuwa akipita, alinishika mkono na kunirudisha nyuma nikaanze na salamu. Aliposikia maneno yake yametoka kwangu uso wake ulilainika. Aliniombea dua, akakunja karatasi, akaenda zake akichechemea.

Kwa nini nilifanya vile? Nimekuwa na miaka mingi ya kulifikiri na jibu halijabadilika. Nilitaka kubaki peke yangu. Tena nilitaka aanguke mbele za watu, kwa sababu ndiye aliyenijua nilipokuwa nabeba magunia na kuiga herufi nisizozijua. Kila aliponiita mwanangu mbele ya wenzangu nilisikia gunia mabegani. Sina sababu nyingine nzuri kuliko hizo.

Jumamosi asubuhi tulisimamisha maturubai mawili meusi kando ya barabara, mbali kidogo moja na jingine. La Mwalimu lilitangulia. Kipimo kilikuwa kimoja na chokaa ni ile ile, ila kwenye langu herufi zilikuwa na urefu wa futi mbili, na kwenye lake, ili maneno yote yaenee, ilibidi ziwe za chini ya futi moja na mistari iwe mitatu. Tajiri alikuwa amempata dereva wa kutoka bara aliyejifunza kusoma jeshini, akamwambia apite kwa mwendo wake wa kawaida, asipunguze, ageuze lori huko mbele na arudi kutuambia alichoona. Watu wa Magongo walikuwa wamejaa kando ya barabara. Tajiri aliwaita, na hata chai aliwanunulia.

Mwalimu alikuja na kanzu safi. Mkewe, aliyekuwa hatoki nyumbani, alikuwa ameletwa kwa mkokoteni wa majirani, ameketishwa kwenye kiti kivulini. Alipoliona turubai la mumewe aliuliza limeandikwaje, na mtu mmoja akamsomea. Akasema, "Vizuri. Amemsalimu kwanza."

Lori lilikuja likiwa tupu, likiruka ruka. Likapita turubai la kwanza, likapita la pili, likaendelea mpaka likapotea kwenye vumbi. Tulingoja muda mrefu kuliko tulivyotazamia. Liliporudi, dereva alishuka akiwa na mikono michafu.

"Ulichelewa wapi?" tajiri aliuliza.

"Dukani," dereva akasema. "Niliona tairi mpya, mbele kushoto. Nikasimama kuziangalia. Zangu mbili zimekwisha kabisa."

Watu walipiga makofi. Nilihisi joto la furaha kifuani ambalo mpaka leo nalikumbuka kwa aibu.

"Na lile la kwanza?" tajiri akauliza, na sauti yake ikawa tamu.

Dereva alikuna kichwa. "La kwanza niliona naitwa. Sijui naitiwa nini."

Kicheko kilipanda barabara nzima. Tajiri alifuta machozi. Akamshika dereva bega, akamgeuza awaelekee watu, akamwambia arudie. Dereva, mtu wa watu tu asiyejua tunachezea nini, akarudia: "Naitwa. Sijui naitiwa nini." Tajiri akamrudisha tena mara ya tatu kwa ajili ya waliokuwa nyuma. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilicheka mpaka nikaegemea nguzo ya turubai langu.

Kicheko kilipopungua, Mwalimu alimsogelea dereva.

"Salaam, bwana."

"Salaam, mzee."

"Neno tairi hukuliona pale? Limo, mstari wa pili."

"Mzee wangu," dereva akajibu kwa huruma, "ningeona tairi ningesimama. Mimi ndizo ninazozitafuta."

Mwalimu alimshukuru. Akaenda kivulini akamwinua mkewe, na wale majirani wa mkokoteni, waliokuwa wakicheka pia, ilibidi wajikaze uso ili wamsukume mama arudi nyumbani. Njia nzima watu walikuwa wakimwambia mzee, "Mwalimu, naitwa!" Toka siku hiyo hakuwa na jina jingine Magongo. Vijana walimwita hivyo, wanawake kisimani walimwita hivyo, na siku moja nilimsikia hata mwenye duka la chumvi akimwita hivyo huku anampimia.

Mama yangu alipopata habari, alisema shukrani ya punda ni mateke, akaondoka kwenda kuchuma mboga. Hakunisemesha juma zima.

Tajiri hakumfukuza Mwalimu Jumatatu. Angemfukuza ingekuwa nafuu. Alimwambia mbele yetu kwamba ana kazi kwa ajili yake: mabango yote ya zamani yapakwe chokaa, yafutike, nami nitayaandika upya maneno machache. "Wewe wajua yalipo," alimwambia. "Nani atakayeyajua kuliko aliyeyazaa?" Yakiisha kufutwa, kazi nayo itaisha. Mzee alifikiri kidogo, bila shaka akifikiria sufuria ya nyumbani, kisha akauliza brashi ya chokaa iko wapi.

Nilitumwa kwenda naye ili nipime fremu na kushika ngazi. Tulianza Changamwe, tukavuka Likoni, tukamalizia Kisauni. Kila tulipofika kwenye bango alisimama mbele yake, akalisoma lote kwa sauti, neno kwa neno, kisha akachovya brashi na kuanza kulifuta kutoka neno la mwisho kurudi la kwanza. Salamu ndiyo aliyoifuta mwisho. Mimi nilishika ngazi nikiangalia pembeni. Hatukuzungumza ila habari za ngazi.

Kisauni ndiko kulikokuwa kugumu, kwa kuwa ndiko kwao. Watu waliomjua tangu utoto walitoka majumbani, wakampa mkono, wakamwuliza kwa nini ayafute. Hakusema habari za tajiri wala zangu. Alisema, "Yamekuwa mengi," na akaendelea. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa hajui kusoma, alimwomba asubiri, akalisema bango zima kwa moyo bila kukosea, kisha akamwambia haya sasa futa.

La mwisho lilikuwa bango dogo la mwenye mashine ya kushona, la zamani kuliko yote, rangi imepauka. Mwalimu alilimaliza, akashuka, akaketi kwenye daraja ya chini ya ngazi. Chokaa ilikuwa imemjaa nyusi na ndevu. Nilimpa kata ya maji akanywa nusu, nusu akanirudishia.

"Siku ile nyuma ya banda," alisema, "nilikuona midomo."

Nilikunywa ile nusu.

"Ulikuwa wahisabu. Watu wa jeshini mwahisabu kwa midomo, wenyewe hamjui. Ikafika tano, ile tano ya sajini wako, nikakungoja useme. Ikafika sita. Ikafika tisa. Kisha ukaniambia yatosha."

Nilichukua brashi yake, nikaanza kuikamua kama alivyonifundisha.

"Nikajiambia, labda hisabu za jeshini ni nyingine," akasema. "Nikajiambia, huyu nimemfundisha mie, hawezi kuniona naingia shimoni akanyamaza. Nikakuuliza na salamu pia, ili nikupe nafasi ya pili. Basi. Twende, tusikutwe na usiku."

Alisimama mwenyewe, akaichukua ndoo ya chokaa. Njiani aliwasalimu watu wote tuliokutana nao, mmoja mmoja, akiwangoja wamjibu, nami nikitembea nyuma yake na ngazi begani. Hakurudi karakanani kesho yake wala siku nyingine. Walirudi Kisauni kukaa kwa ndugu, na nilisikia mkewe hakufika mwaka. Yeye sikumwona tena, na sikwenda kumtafuta. Bango la tairi lilikaa pale barabarani miaka mingi, watu wakalisifu, na tajiri akawa ananionyesha kwa wageni.

Nimefundisha vijana wengi kazi hii tangu wakati huo. Kila mmoja akiniletea maneno yake nimpimie, nayashika mbele ya mlango penye mwanga na kuhesabu kwa sauti, mpaka mtu wa ng'ambo ya barabara anasikia, na ikipita tano namwambia hapo hapo imepita. Wao hudhani ndiyo kanuni ya kazi. Sijapata kuwaambia kwamba si hivyo.